Bima imerudisha ombi la MRI: karatasi ilikosa nini?

"Baba, bima wamerudisha ombi lako. Wanauliza maswali."

"Maswali gani tena, binti yangu? Kadi si iko hai?"

Mazungumzo ya namna hii husikika kwenye dirisha la bima la karibu kila hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Kadi iko hai kweli, makato yanakwenda kila mwezi, na daktari ameandika kwa mkono wake kwamba mgonjwa apigwe MRI ya mgongo. Bado kuna mtu mwingine, aliyekaa kwenye ofisi ya kampuni ya bima, ambaye lazima akubali kwanza. Idhini yake ndiyo kibali. Mtu huyo hamjui mgonjwa wala hajamwona akichechemea. Anachokiona ni karatasi aliyotumiwa, na mara nyingi karatasi ile ina maneno matano tu: "Maumivu ya mgongo. Naomba MRI."

Kampuni za bima hazidai kibali kwa kila huduma. Kipimo cha malaria au picha ya eksirei ya kifua hupita bila maswali. Kibali huombwa kwa vitu ghali, kama MRI, CT, upasuaji uliopangwa, au dawa za saratani. Ombi likifika, ofisa wa kwanza huangalia mambo ya mkataba: uanachama, hospitali iliyoruhusiwa, kiasi kilichobaki, na kama ugonjwa huo una muda wa kusubiri ambao haujaisha. Likikwama hapa, barua ya daktari haitasaidia hata iandikwe vizuri namna gani, kwa sababu suala ni mkataba. Likipita, ndipo linakwenda kwa daktari wa kampuni, naye anajiuliza swali moja: je, jibu la kipimo hiki litabadilisha matibabu ya mgonjwa?

Kwa maumivu ya kiuno swali hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ilifika asilimia 96. Diski zilizovimba kidogo kutoka mahali pake zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20. Maana yake, ukimpiga MRI mtu mzima yeyote anayepita Kariakoo, kuna uwezekano mkubwa utakuta "tatizo", na tatizo hilo linaweza lisihusiane kabisa na kinachomuuma. Wako waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya picha, huku maumivu yalikuwa ya misuli. Isitoshe, maumivu mengi ya kiuno, hata yale yanayoshuka mguuni, hupungua yenyewe ndani ya wiki chache kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea. Ndiyo maana miongozo mingi ya kitabibu inasema subiri takribani wiki 6 za tiba ya kawaida kabla ya kupiga picha, isipokuwa kuna dalili za hatari. Kampuni za bima zimeuchukua mwongozo huo na kuufanya kipimo cha kukubali au kukataa. Mimi sioni kosa katika hilo. Kosa ni kampuni kujibu "haikidhi vigezo" bila kutaja vigezo vyenyewe.

Tumchukue mgonjwa wa mfano, dereva wa lori wa miaka 47 anayekwenda Tunduma na kurudi. Kiuno kimemuuma wiki 9. Ombi lake la kwanza lilikuwa na yale maneno matano, pamoja na namba ya ugonjwa M54.5. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, namba hiyo ina maana ya maumivu ya kiuno ya kawaida, basi. Daktari wa bima akalirudisha na maswali mawili: ametibiwa kwa nini hadi sasa, na kuna dalili zozote za mishipa ya fahamu? Daktari wa hospitali akamwita tena yule baba, akampima upya na kuandika barua. Kwa kawaida barua hizi huandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Mwanaume, miaka 47, dereva. Maumivu ya kiuno kwa wiki 9, yanashuka nyuma ya paja la kulia na pembeni mwa muundi hadi kidole gumba. Ganzi upande wa juu wa mguu wa kulia. Ametumia diklofenaki na dawa ya kulegeza misuli kwa siku 10. Amehudhuria mazoezi ya tiba ya viungo mara 2 kwa wiki, tarehe 3 Machi hadi 11 Aprili, bila nafuu. Akilala chali na kunyanyuliwa mguu wa kulia ukiwa umenyooka, maumivu yanashuka mguuni kwenye nyuzi 40; wa kushoto unafika nyuzi 80 bila shida. Nguvu ya kunyanyua kidole gumba cha kulia ni 3 kwa 5. Wiki 3 zilizopita ilikuwa 4 kwa 5. Mkojo na choo ni kawaida. Hana homa, hajapungua uzito. Nadhani diski kati ya pingili L4 na L5 inabana mzizi wa neva L5 upande wa kulia, M51.1. Naomba MRI ya kiuno, bila dawa ya mshipani. Ikithibitika, atapelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji. Isipothibitika, ataendelea na mazoezi na tutatafuta chanzo kingine."

Kibali kilitoka. Inafaa kuona ni sentensi ipi iliyofanya kazi.

Wengi watasema ni ile ya mazoezi, na kweli ilisaidia. Imetaja tiba, imetaja tarehe, na tarehe zinaweza kukaguliwa kwenye kadi ya kliniki ya mazoezi. "Ametibiwa bila mafanikio" peke yake haina thamani, kwa kuwa kila mtu anaandika hivyo. Lakini sentensi nzito kuliko zote ni ya kidole gumba. Nguvu ya misuli hupimwa kuanzia 0 hadi 5. Tano ni nguvu kamili. Nne ni misuli inayopambana na mkono wa daktari lakini inashindwa. Tatu ni misuli inayoweza kunyanyua kidole, ila ukikigusa tu kinaanguka. Kushuka kutoka 4 hadi 3 kwa wiki 3 kunaonyesha kwamba neva inazidi kuumia. Hapo hata zile wiki 6 hazina maana tena: mgonjwa anayepoteza nguvu haambiwi asubiri. Laiti kidole kile kingepimwa na kuandikwa mapema, ombi lingeweza kwenda mapema pia.

Na maelezo yote yanaelekea mahali pamoja. Maumivu yanayofika kidole gumba, ganzi ya juu ya mguu na udhaifu wa kidole kile kile ni mambo ya neva L5, na neva hiyo kwa kawaida hubanwa na diski ya L4/L5. Daktari wa bima akisoma, anaona mwenzake amepima na kufikiri, na kipimo kinatafuta kitu kinachojulikana. Namba nayo imebadilika: M51.1 ni ugonjwa wa diski unaobana mzizi wa neva. Barua nzuri ikiambatana na fomu iliyobaki na M54.5 inaweza kurudishwa vilevile, maana karatasi mbili zinapingana. Ni kosa dogo, na linatokea kwa sababu daktari anaandika barua huku karani ananakili namba ya ziara ya kwanza.

Maneno "bila dawa ya mshipani" nayo yana sababu. Kutafuta diski iliyobana neva hakuhitaji dawa ile ya kung'arisha picha. Inahitajika zaidi pale daktari anaposhuku maambukizi au uvimbe, au mgonjwa alipowahi kufanyiwa upasuaji wa sehemu ileile. MRI yenye dawa ina bei nyingine, hivyo kibali cha moja hakilipii nyingine.

Kuna wagonjwa ambao hawapaswi kuingia kwenye foleni hii ya wiki 6 hata kidogo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito anaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao kwetu si wa kuusoma vitabuni tu. Aliyewahi kuugua saratani, au anayetumia dawa zinazoshusha kinga, yuko kundi hilohilo. Barua yake haina haja ya kueleza mazoezi. Itaje dalili hizo katika mstari wa kwanza.

Kuna pia dharura ya kweli. Mgonjwa akipata ganzi sehemu anayokalia, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila yeye kujua, au miguu yote miwili ikilegea ghafla, rundo la neva lililo chini ya uti wa mgongo linabanwa, na saa zinahesabika. Huyo aende chumba cha dharura, asisubiri dirishani. Mikataba mingi inaruhusu dharura ihudumiwe kwanza, kampuni iarifiwe baadaye, mara nyingi ndani ya saa 24 au 48. Angalia mkataba wako unasema saa ngapi kabla hujafikia hali hiyo.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni ya kitabibu, kutuma karatasi ileile mara ya pili ni kupoteza wiki; kinachotakiwa ni habari mpya, kama kipimo cha nguvu au tarehe za tiba, au daktari wako azungumze kwa simu na daktari wa kampuni. Hii ya simu hutumika kidogo mno, ingawa dakika chache zinaweza kumaliza jambo. Ikiwa ni ya mkataba na huridhiki, kwa kampuni binafsi kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Kenya iko IRA.

Kibali kikitoka, kisome. Kina namba, tarehe ya mwisho, kiasi cha fedha na sehemu ya mwili iliyoruhusiwa. Cha dereva wetu kilisema kiuno tu. Akipigwa picha ya mgongo mzima, tofauti anaweza kuilipa mwenyewe. Na hakiruhusu upasuaji. Huo unaombewa kibali chake, na safari hiyo daktari wa bima ataweka ripoti ya MRI kando ya barua ya kwanza, aone kama diski iliyoonekana kubana iko kulia, kwenye L4/L5, pale pale kidole gumba kilipoelekeza. Ikiwa picha inaonyesha diski ya upande wa kushoto, swali linaanza upya.