Toleo Jipya la Kitendanishi Likigoma: Barua Ambayo Msambazaji Hawezi Kuirudisha

“Toleo jipya la kitendanishi tulilopokea limeshindwa udhibiti ubora mara kadhaa. Tunaomba mtubadilishie.” Barua za namna hii hutoka maabara zetu kila mara, na jibu lake hujulikana kabla halijafika: kalibreti upya, fungua sampuli mpya ya udhibiti, kisha mtujulishe. Mteknolojia hukasirika, lakini msambazaji ana haki ya kujibu hivyo. Namba ya udhibiti iliyotoka nje ya mipaka inasema tu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Haisemi kama ni kitendanishi, taa ya mashine, pipeti, maji, au sampuli yenyewe ya udhibiti iliyokaa wazi muda mrefu. Anayeandika barua ndiye mwenye kazi ya kufunga milango hiyo mmoja baada ya mwingine, mpaka ubaki ule wa kitendanishi peke yake.

Tuchukue mfano wa maabara ya hospitali ya wilaya inayopima ALT, kimeng'enya cha ini. Chati yao ya Levey-Jennings, ile yenye mstari wa wastani katikati na mistari ya mikengeuko sanifu juu na chini, imetulia kwa miezi. Sampuli ya udhibiti ya kiwango cha chini ina wastani wa yuniti 32 kwa lita na mkengeuko sanifu 1.6. Ya kiwango cha juu ina wastani wa 220 na mkengeuko 6. Wanafungua toleo jipya. Kiwango cha chini kinasoma 31, hakina tatizo. Kiwango cha juu kinasoma 181. Wanarudia: 184. Wanafungua kichupa kipya cha udhibiti: 179.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kurudia mpaka ipite. Matokeo yaliyovuka mikengeuko miwili yanaweza kutokea kwa bahati tu, takriban mara moja katika kila vipimo ishirini vya udhibiti, hata mashine ikiwa nzima. Ndiyo maana kanuni alizozichapisha Westgard na wenzake mwaka 1981 hazikatai kazi kwa alama moja iliyovuka mikengeuko miwili. Hutazama alama hizo zinavyofuatana. Lakini 181 iko chini ya wastani kwa mikengeuko 6.5, na zinazofuata ziko upande uleule. Hiyo si bahati. Kurudia kwa mara ya kumi hakuongezi ushahidi wowote. Kunamaliza kitendanishi tu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni wa bei rahisi, nao ni chupa moja ya toleo la zamani. Ipakie mashine ileile, asubuhi ileile, upime kichupa kilekile cha udhibiti. Ikisoma 218 wakati toleo jipya linasoma 181, basi taa, pipeti, maji na sampuli ya udhibiti vimeondolewa kwenye mashaka kwa pamoja, kwa sababu vyote vilikuwa vilevile na kilichobadilika ni kitendanishi tu. Kwa maoni yangu, maabara isiyobakiza angalau chupa moja ya toleo la zamani hadi lile jipya lithibitishwe imejinyima shahidi wake mkuu.

Mwenye kuandika barua nzuri atagundua pia kwamba namba zake zinaonyesha ugonjwa wenyewe. Kwa nini kiwango cha chini kipite na cha juu kianguke? Jibu liko katika namna ALT inavyopimwa. Kimeng'enya hicho hutengeneza piruveti, kisha kimeng'enya cha pili kilichomo kwenye kitendanishi huigeuza piruveti kuwa lakteti, na kila inapogeuzwa hutumia NADH. NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340, kwa hiyo mashine huangalia mwanga unaofyonzwa ukipungua, na kasi ya kupungua ndiyo jibu. Katika mchanganyiko wenye milimoli 0.18 za NADH kwa lita, ambao ni kiwango cha njia rejea ya kimataifa, ufyonzaji wa kuanzia katika kuveti ya sentimita moja ni 0.18 × 6.22, yaani takriban 1.12.

Tatizo ni kwamba NADH huharibika haraka ikikutana na joto au unyevu. Kitendanishi kilichopoteza sehemu kubwa ya NADH ni kama jiko lenye mafuta kidogo: chai itachemka, maharage hayaivi. Sampuli yenye ALT ndogo hutumia kidogo na kipimo humalizika salama. Yenye ALT nyingi humaliza NADH kabla mashine haijamaliza kusoma, mwendo unasimama katikati, na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Mashine nyingine huweka alama ya onyo jambo hilo likitokea, lakini haifai kulitegemea onyo hilo, hasa kama kikomo chake hakikuwekwa vizuri wakati wa kufunga kipimo.

Kwa hiyo mteknolojia wetu anapima kitendanishi kitupu, bila sampuli. La zamani linafyonza 1.10. Jipya linafyonza 0.42. Gawanya 0.42 kwa 6.22, unapata milimoli 0.068 tu za NADH kwa lita. Zaidi ya nusu imepotea. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi mara nyingi hutaja kiwango cha chini cha ufyonzaji kinachokubalika, na hicho ndicho cha kunukuu kwenye barua, kwa kuwa mtengenezaji hawezi kubishana na maandishi yake mwenyewe.

Hesabu hiyo pia inajibu ushauri wa kukalibreti. Kalibreta yenye thamani ya wastani itapita vizuri, kwa kuwa haimalizi NADH. Na yule atakayeshawishika kuongeza kizidisho ili kiwango cha juu kirudi mahali pake atahitaji kuzidisha kwa 1.22. Hapo 181 itakuwa 220, lakini ile 31 iliyokuwa njema itakuwa 38, karibu mikengeuko minne juu ya wastani wake. Kosa linalojitokeza tu kimeng'enya kikiwa kingi halisahihishwi kwa namba moja.

Bado kuna mlango mmoja, na huu ndio husahaulika zaidi. Sampuli ya udhibiti si seramu ya mgonjwa. Imekaushwa au kuwekewa vihifadhi, na vimeng'enya vyake mara nyingi hutoka kwa wanyama. Hutokea toleo jipya likasogeza namba za udhibiti huku namba za wagonjwa zikibaki palepale. Kinachohitajika wakati huo ni maabara kuweka wastani mpya wa udhibiti, na toleo halina kosa. Hutokea pia kinyume chake, udhibiti ukatulia huku wagonjwa wakisogea. Kwa sababu hiyo barua isiyo na sampuli za wagonjwa haijathibitisha kitu. Chagua seramu zilizobaki, zenye viwango vya chini, vya kati na vya juu, uzipime siku hiyohiyo kwa matoleo yote mawili. Katika mfano wetu, ya 24 ilisoma 24, ya 68 ikasoma 67, ya 150 ikasoma 147. Kisha ya 243 ikasoma 184, na ya 410 ikasoma 132.

Tazama mbili za mwisho. Mgonjwa mwenye ini lililoumia zaidi ameonekana kuwa na nafuu kuliko mwenzake. Anayetumia dawa za kifua kikuu bila dalili za ini, kwa miongozo mingi, husimamishiwa dawa ALT inapozidi mara tano ya kikomo cha juu cha kawaida. Kikomo kikiwa 40, mpaka huo ni 200. Wagonjwa hawa wawili wote wamevuka, na toleo jipya limewarudisha wote chini ya mpaka. Aya ya barua inayosema hivi haihitaji neno kali hata moja.

Sasa barua yenyewe inaweza kuandikwa, na inatosha ukurasa mmoja na kiambatisho:

“Yah: Toleo la kitendanishi cha ALT linalosoma chini katika viwango vya juu. Ndugu Meneja, rejea mzigo tuliopokea kwenu, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kama zilivyo kwenye picha ya lebo iliyoambatishwa. Boksi lilihifadhiwa nyuzi 2 hadi 8 tangu lilipopokelewa. Nakala ya daftari la joto la jokofu imeambatishwa. Sampuli ya udhibiti ya kiwango cha juu imesoma 181, 184 na 179 dhidi ya wastani wa 220. Kichupa hichohicho kwa toleo la zamani kimesoma 218. Ufyonzaji wa kitendanishi kitupu ni 0.42 dhidi ya 1.10 ya toleo la zamani. Seramu mbili za wagonjwa kati ya tano, zote zilizo juu ya 200, zimesoma chini sana. Chupa kutoka boksi la pili la toleo hilohilo imetoa matokeo yaleyale.”

Sentensi ya mwisho ina uzito mkubwa. Kama boksi la pili lingekuwa zima, shaka ingeangukia boksi moja, pengine lililoachwa nje ya jokofu hapohapo hospitalini. Yakishindwa yote mawili, shaka inahamia kwenye mzigo mzima. Lakini maabara haiwezi kujua kama mzigo uliharibikia kiwandani, bandarini au kwenye gari lililokwama juani, maana yote hutoa NADH ileile iliyokufa. Anayeweza kujua ni mtengenezaji, akipima chupa za toleo hilo alizobakiza ghalani kwake, na msambazaji, akiangalia kumbukumbu za joto la safari na kuwauliza wateja wengine waliopokea toleo hilo. Barua nzuri haimshutumu mtu kwa lolote kati ya hayo. Inaomba yote kwa majina: cheti cha uchambuzi cha toleo, matokeo ya chupa za akiba, rekodi ya joto la usafirishaji, na mbadala wa toleo tofauti, ikitaja idadi ya vipimo vinavyohitajika kwa wiki.

Ombi hilo la mwisho ni la lazima, kwa sababu mashine nyingi za kemia hufungwa kutumia vitendanishi vya kampuni moja, na maabara haiwezi kuvuka barabara kununua vingine. Kwa Tanzania, nakala ya barua iende pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa kuwa vitendanishi viko chini ya usimamizi wake, na toleo moja bovu haliishii hospitali moja.

Wakati jibu likisubiriwa, chupa zilizobaki hutengwa kwenye rafu yenye lebo ya kuzuia matumizi, ndani ya jokofu bado, kwani mtengenezaji akizitaka atazitaka zikiwa hazijaongezewa joto jingine. Na kama kuna majibu yoyote ya ALT yaliyotoka kwa toleo hilo kabla halijasimamishwa, yatafutwe leo, seramu zake zipimwe tena kwa toleo la zamani, na daktari apigiwe simu kwa kila moja lililobadilika.