Filamu ya kuku ianze kabla vifaranga hawajafika

Mwaka jana tulichangishana huku ughaibuni tukamtumia binamu yangu wa Morogoro fedha za vifaranga 100 wa mayai. Usiku wa tatu walikufa 38. Binamu alikuwa ametazama video kwenye simu, lakini ilianza na boksi la vifaranga likifunguliwa, banda likaja mwishoni kabisa. Naye akafuata mpangilio huo huo: vifaranga kwanza, joto baadaye.

Safari hii nimemwandikia mwenyewe mswada wa dakika kumi, yeye atapiga picha.

Dakika mbili za mwanzo ni banda tupu, mita nne kwa tano, lililolala mashariki-magharibi ili jua lisichome ndani. Humo anatengeneza mduara wa karatasi ngumu, upana mita moja na nusu, ambao utapanuliwa kadiri vifaranga wanavyokua. Mduara, si pembe nne, kwani vifaranga wenye baridi hurundikana kwenye kona wakakosa hewa. Chini ni maranda sentimita tano. Gazeti tupu huteleza, miguu ikapanuka. Kisha jiko linawashwa, na kipimajoto kinawekwa usawa wa mgongo wa kifaranga mpaka kisome nyuzi 33 hivi. Msimulizi anasema: "Vifaranga bado hawajafika."

Sasa boksi lifunguliwe. Maji kwanza, mdomo mmoja mmoja ukichovywa, kisha chakula. Nilikuwa nimeandika namna ya kuchanganya chakula nyumbani, nikaifuta. Anayeanza anunue chakula cha vifaranga kilichokamilika. Kamera isogee kwenye gole: jioni ya siku ya kwanza likiguswa liwe limejaa na laini. Likiwa gumu, amekula bila kunywa. Likiwa tupu, hajakiona chakula.

Dakika zote zilizobaki nimezipa malezi ya siku za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo tulipopoteza wale 38. Kamera inatazama kutoka juu. Wakijibana chini ya joto huku wakilia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijaa upande mmoja, upande wa pili kuna upepo unaopenya. Wakitawanyika, mwache msimulizi anyamaze. Kila wiki joto lipunguzwe nyuzi tatu hivi.

Picha moja nimeagiza ipigwe saa nane usiku, saa ambayo mwaka jana mkaa ulizimika binamu akiwa usingizini. Aonekane akiongeza mkaa, na uwazi wa juu ukutani uonekane pia, maana moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga na mlezi wao.

Binamu analalamika kwamba dakika mbili bila kifaranga zitawafukuza watazamaji. Tumekubaliana dakika moja na nusu. Vifaranga wapya wanafika Jumatano. Jiko atawasha Jumanne jioni.