Kelele Inapogeuza Biti: Jinsi ya Kusoma Q(x)

Ukiweka kwenye simu programu ya kuonyesha setilaiti za GPS, utaona kila setilaiti ina namba yake chini ya maandishi `C/N0`. Namba hiyo hulinganisha nguvu ya mawimbi yanayofika na kelele iliyomo. Chini ya anga wazi huwa 45 hivi, na ukiingia ndani ya jengo la zege huweza kushuka hadi 24 au chini yake. Mtu akiona 27 ikiwa 24 hushawishika kudhani hakuna kilichobadilika. Lakini katika hizo desibeli tatu, simu inaweza kutoka kwenye kusoma habari za setilaiti bila shida hadi kwenye kukosa nusu ya nyakati. Kwa nini hatua ndogo hivyo ilete madhara makubwa hivyo? Jibu limo ndani ya herufi moja ya hisabati, Q.

Tuanze na namna biti inavyosafiri. Setilaiti ya GPS iko kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na kwa mawimbi ya zamani ya kiraia, ambayo simu karibu zote huyasikiliza, hutuma habari zake kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde. Mbinu inayotumika huitwa BPSK: wimbi la redio ni lilelile, ila fezi yake ina hali mbili. Kwa biti moja wimbi hutumwa kama lilivyo, na kwa biti ya pili hupinduliwa juu chini, yaani nyuzi 180. (Naiacha kando ile kodi inayotenganisha setilaiti moja na nyingine, kwa kuwa haibadilishi hesabu hii.) Simu hulikusanya wimbi kwa milisekunde 20, ambao ndio muda wa biti moja, kisha hutoa namba moja. Kama hakuna kelele, namba hiyo ni +A au −A. Uamuzi ni mwepesi: ikiwa juu ya sifuri ni biti ya kwanza, ikiwa chini ni ya pili.

Kelele ipo daima. Elektroni ndani ya antena na saketi hutikisika kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo huonekana kama umeme mdogo usio na mpangilio. John Johnson aliupima katika maabara za Bell, Harry Nyquist akaueleza kwa hesabu, na makala zao zote mbili zilitoka mwaka 1928. Kwa kuwa misukumo hiyo ni mingi mno na kila mmoja ni mdogo, jumla yake hufuata mkunjo wa Gauss, ule wenye umbo la kengele. Vipimo vingi huangukia karibu na A, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo vinavyozidi kuwa adimu. Upana wa kutawanyika huko hupimwa kwa σ.

Sasa, simu iliyotegemea +A itakosea lini? Pale tu kelele itakapoisukuma namba kushuka kwa zaidi ya A, ikavuka sifuri. Basi swali lote ni hili: toka A hadi sifuri kuna σ ngapi? Idadi hiyo ndiyo x, na Q(x) ni uwezekano wa kelele kuruka umbali huo au zaidi kuelekea upande mmoja. Ukiisoma Q hivyo, kama swali la umbali, jedwali lake halitakutisha.

Q(0) ni 0.5: mpaka uko chini ya miguu yako, na kuamua ni kubahatisha tu. Q(1) ni 0.159, Q(2) ni 0.023, na Q(3) ni 0.00135. Kisha mkia unaporomoka. Q(4) ni 0.00003 hivi, na Q(5) haifiki 0.0000003. Kutoka 1 hadi 2 makosa yalipungua mara saba. Kutoka 4 hadi 5 yamepungua zaidi ya mara mia moja. Hatua ni ileile, lakini faida yake inategemea umeshasimama wapi.

Wahandisi hawapimi A na σ mojawapo. Hutumia nishati ya biti moja, Eb, na ukubwa wa kelele, N0. Katika vipimo hivyo A ni √Eb. Kelele nayo hugawanyika sehemu mbili, moja ikilala kwenye mstari wa wimbi letu na nyingine ikiwa wima juu yake. Ni ile ya kwanza pekee inayodhuru, na σ yake ni √(N0/2). Gawanya A kwa σ, utapata kanuni inayojulikana:

Pb = Q(√(2Eb/N0))

Turudi kwenye simu. Namba ya `C/N0` ni ya sekunde nzima, na sekunde ina biti 50. Kugawanya kwa 50 ni sawa na kutoa desibeli 17. Kwa hiyo 27 inakuwa desibeli 10, ambazo kwa uwiano wa kawaida ni 10. Mara mbili ni 20, kipeuo chake cha pili ni 4.47, na Q(4.47) ni takriban 0.000004: biti nne katika milioni. Sasa chukua 24. Toa 17, zabaki desibeli 7, yaani uwiano wa 5. Mara mbili ni 10, kipeuo ni 3.16, na Q yake ni 0.0008, yaani biti nane katika elfu kumi. Umbali ulipungua kutoka 4.47 hadi 3.16 tu, lakini makosa yamezidi mara 200.

Biti nane katika elfu kumi bado zinasikika kama chache. Hata hivyo, ili kujua kwa usahihi setilaiti iko wapi, simu inahitaji mafungu matatu ya biti 300, jumla 900, yanayorudiwa kila sekunde 30. Kwa 27, mizunguko mitatu au minne kati ya elfu ndiyo itakayokuwa na kosa. Kwa 24, karibu nusu ya mizunguko. Ukishuka hadi 21, x inakuwa 2.24, Q inakuwa 0.0125, na kila mzunguko utakuwa na makosa kumi na moja kwa wastani. Kuupata mmoja ulio safi ni jambo ambalo halitatokea. Simu hupunguza maumivu kwa kukagua kila neno la biti 30 peke yake na kuweka yaliyo mazima, na ikiwa na intaneti huzichukua habari hizo huko badala ya kuzisubiri angani. Ndiyo maana kuzima data ukiwa ndani hufanya ramani ichelewe sana kukupata.

Anayefanya hesabu hii hukwama zaidi kwenye desibeli. Ukiziingiza zilivyo, 7 badala ya 5, unapata 0.00009, jibu zuri kuliko ukweli kwa zaidi ya mara nane. Na kosa hilo hujificha kwenye desibeli 10, kwa sababu hapo uwiano nao ni 10, kwa hiyo usiipime kazi yako kwa namba hiyo. Kwenye jedwali la kompyuta, kama uwiano uko kwenye seli B2, andika:

```
=0.5*ERFC(SQRT(B2))
```

Hii ni kanuni ileile kwa sura nyingine, na haina haja ya mbili ndani ya kipeuo. Epuka kutoa uwezekano kutoka 1 ili kupata mkia, maana x ikizidi 8 hivi kompyuta huishiwa na tarakimu na kukupa sifuri.

Kanuni yenyewe ina masharti. Inachukulia kwamba simu inaijua fezi barabara. Ikikosea kwa pembe θ, x huzidishwa na cos θ: kwa nyuzi 30, ile 4.47 hushuka hadi 3.87, na makosa huongezeka mara 14. Ikishika fezi iliyopinduka kabisa, biti zote hugeuka, na hilo hugunduliwa kwa kutazama biti 10001011 zinazofungua kila fungu.

Sharti la pili ni kwamba nguvu ya mawimbi isiyumbe. Ukitembea kati ya maghorofa ya Kariakoo, huenda nusu ya muda ukapata 33 na nusu nyingine 21. Wastani wa namba hizo ni 27, na Q ya 27 inaahidi makosa manne katika milioni. Ukweli ni kwamba ile nusu ya 33 haina makosa ya kuhesabika na ile ya 21 ina 0.0125, hivyo wastani wa makosa ni 0.006, zaidi ya mara elfu moja na mia tano ya ahadi hiyo. Mawimbi yanapoyumba, Q hukokotolewa kwanza kwa kila hali, na wastani huchukuliwa baadaye.