Varianzi Zisizolingana: Kuziunganisha au Kuziacha Zilivyo

Jaribio la t la sampuli mbili hujibu swali moja: je, tofauti iliyoonekana kati ya wastani wa kundi moja na wastani wa kundi lingine inazidi ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta? Jibu hupatikana kwa kugawanya tofauti hiyo kwa kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi tofauti hiyo ingeyumba iwapo sampuli kama hizo zingechukuliwa tena na tena. Hesabu ya juu ya mstari haina utata, kwani ni kutoa wastani mmoja kutoka kwa mwingine. Utata uko chini ya mstari. Kosa sanifu linaweza kukokotolewa kwa njia mbili, na kila njia ina imani yake kuhusu jinsi data zilivyotawanyika.

Mtawanyiko hupimwa kwa varianzi. Kila thamani hutolewa wastani wa kundi lake, tofauti hizo hupigwa kipeo cha pili na kujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya thamani ukitoa moja. Kundi ambalo thamani zake zimekaribiana lina varianzi ndogo. Lililosambaa lina varianzi kubwa.

Njia ya kwanza huamini kwamba makundi yote mawili yametoka kwenye jamii zenye varianzi ileile, hata kama wastani wake unatofautiana. Kama ndivyo, hakuna haja ya kukadiria namba hiyo mara mbili. Varianzi za sampuli huunganishwa kuwa moja, na kila kundi hupewa uzito kulingana na ukubwa wake:

s² = [(n₁ − 1)s₁² + (n₂ − 1)s₂²] / (n₁ + n₂ − 2)

Kosa sanifu huwa kipeuo cha pili cha s²(1/n₁ + 1/n₂), na digrii za uhuru huwa n₁ + n₂ − 2. Mwanzo wa jaribio hili ni William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Mwaka 1908 alichapisha hesabu ya sampuli moja kwa jina la Student, na katika miaka ya 1920 Ronald Fisher akaipanua ifae makundi mawili.

Njia ya pili haiamini chochote kuhusu ulinganifu wa varianzi. Kila kundi huachiwa yake, na kosa sanifu huwa √(s₁²/n₁ + s₂²/n₂). Gharama yake ni kwamba uwiano unaopatikana haufuati tena mgawanyo wa t kwa ukamilifu. Mwanatakwimu Mwingereza B. L. Welch, katika makala zake za 1938 na 1947, alionyesha kwamba mgawanyo huo hukaribia sana ule wa t iwapo digrii za uhuru zitakokotolewa kutoka kwenye data zenyewe. Jawabu lake kwa kawaida si namba kamili. Haliwezi kuwa dogo kuliko digrii za kundi dogo peke yake, wala kubwa kuliko digrii za njia ya kuunganisha.

Mfano mzuri wa kuona njia hizi zikifanya kazi ni jedwali la magari 32 lililotokana na jarida la Kimarekani la Motor Trend la 1974, ambalo huja pamoja na programu ya takwimu ya R kwa jina la mtcars. Magari 19 kati ya hayo ni ya otomatiki, na 13 ni ya gia za mkono. Kinacholinganishwa ni maili ambazo gari husafiri kwa galoni moja ya mafuta. Magari ya otomatiki yana wastani wa maili 17.15 na varianzi ya 14.7. Ya gia za mkono yana wastani wa 24.39 na varianzi ya 38.0. Tofauti ya wastani ni maili 7.24, na varianzi moja ni zaidi ya mara mbili na nusu ya nyingine.

Kwa njia ya kuunganisha, (18 × 14.7 + 12 × 38.0) ÷ 30 ni takriban 24.0. Kosa sanifu ni kipeuo cha 24.0 × (1/19 + 1/13), yaani 1.76. Kwa hiyo t ni 4.11 kwa digrii 30 za uhuru, na thamani ya p ni 0.0003. Kwa njia ya Welch, 14.7 ÷ 19 ni 0.77 na 38.0 ÷ 13 ni 2.93. Jumla yake ni 3.70, na kipeuo chake ni 1.92. Hapa t inashuka hadi 3.77, digrii za uhuru zinashuka hadi 18.3, na p inakuwa 0.0014.

Namba 0.77 na 2.93 zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu zinaeleza kila kitu. Sehemu kubwa ya mashaka kuhusu tofauti ya wastani inatoka kwa kundi la gia za mkono, lenye magari machache na mtawanyiko mkubwa. Njia ya kuunganisha haioni hivyo. Inachukua utulivu wa magari ya otomatiki, ambayo ni mengi, na kulikopesha kundi dogo utulivu ambalo halina. Matokeo yake ni kosa sanifu dogo kuliko inavyostahili na uhakika uliopitiliza. Upeo wa imani wa asilimia 95 unaonyesha jambo hilohilo: kwa kuunganisha, tofauti halisi inakadiriwa kuwa kati ya maili 3.64 na 10.85, ilhali kwa Welch ni kati ya 3.21 na 11.28.

Katika data hizi hitimisho halibadiliki, kwani tofauti ni kubwa kwa vyovyote. Hali haiwi hivyo daima. Tuseme kundi moja lina watu 10 na lingine 40, wastani halisi wa jamii zote mbili ni sawa kabisa, na varianzi halisi ya kundi dogo ni mara nne ya kundi kubwa. Mtafiti anayetumia kiwango cha asilimia 5 anategemea kudanganyika mara 5 tu katika kila majaribio 100. Akiunganisha varianzi, atatangaza tofauti isiyokuwepo zaidi ya mara 15 katika 100. Mambo yakigeuzwa, kundi kubwa likawa ndilo lenye varianzi kubwa, kosa huenda upande wa pili: jaribio linakuwa na woga kupita kiasi, hutangaza tofauti ya uongo chini ya mara 1 katika 100, na kwa woga huohuo huzikosa tofauti za kweli. Njia ya Welch hukaa karibu na 5 katika hali zote mbili.

Makundi yakiwa na idadi sawa, sehemu kubwa ya tatizo huondoka. Ukiweka n₁ sawa na n₂ katika fomula zote mbili, kosa sanifu ni lilelile hadi tarakimu ya mwisho, hivyo t ni moja, na kinachobaki kutofautiana ni digrii za uhuru tu. Ndiyo maana anayepanga utafiti na bado ana uhuru wa kuchagua ukubwa wa makundi hufanya vyema kuyalinganisha tangu mwanzo.

Je, mtu aamueje? Kwa miaka mingi vitabu vya kiada vilifundisha hatua mbili: kwanza pima kama varianzi zinalingana, kisha, jaribio hilo lisipoonyesha tofauti, unganisha. Ushauri huo una mantiki machoni lakini ni mbovu, na magari yaleyale yanauonyesha ubovu wake. Jaribio la F la kulinganisha varianzi hizo linatoa p ya 0.067. Kwa kiwango cha asilimia 5, mtafiti angeambiwa hakuna ushahidi wa kutosha wa tofauti, naye angeunganisha. Jaribio la Levene, kwa kutumia umbali kutoka kwenye medani, linatoa p ya 0.0496, na mtafiti huyohuyo angekatazwa kuunganisha. Data hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mlinzi aliyewekwa mlangoni.

Kasoro yenyewe ni ya ndani zaidi. Sampuli zikiwa ndogo, jaribio la varianzi halina nguvu ya kuona tofauti, na hapo ndipo hatari ya kuunganisha ilipo kubwa. Sampuli zikiwa kubwa, hulalamikia tofauti ndogo zisizo na madhara. Tena, kutoonekana kwa tofauti si uthibitisho wa usawa. Zaidi ya hayo, kuchagua jaribio la pili kwa matokeo ya jaribio la kwanza, juu ya data zilezile, huvuruga kiwango cha makosa ambacho jaribio la pili linadai kukilinda.

Kanuni iliyo bora ni kuanza na Welch bila kupima varianzi kwanza. Pale varianzi zinapolingana kweli, hasara yake ni ndogo mno, aghalabu digrii chache za uhuru. Pale zisipolingana, faida yake ni kubwa. R imelikubali hilo, kwani amri yake ya kawaida ni Welch, na anayetaka kuunganisha lazima aseme:

```
t.test(mpg ~ am, data = mtcars)
t.test(mpg ~ am, data = mtcars, var.equal = TRUE)
```

Katika Python mambo ni kinyume: `ttest_ind` ya SciPy huunganisha isipoandikiwa `equal_var=False`. Katika Excel, `T.TEST` huhitaji aina ya 3 kwa Welch, kwani aina ya 2 ni ya kuunganisha. SPSS huchapa mistari miwili pamoja na jaribio la Levene kando yake, na msomaji hujikuta akivutwa kwenye zile hatua mbili zilizokwisha kukosolewa.

Kuunganisha kuna mahali pake pa haki. Katika jaribio ambamo washiriki wamegawanywa kwa kura, na swali ni kama dawa au mbolea haina athari yoyote kwa mtu au shamba lolote, basi kutokuwepo kwa athari kunamaanisha pia varianzi sawa, na dhana hiyo ina msingi. Sampuli zikiwa ndogo sana, kama vipimo viwili au vitatu kwa kila kundi, makadirio tofauti ya varianzi huyumba mno, digrii za Welch huweza kushuka karibu na 1, na ujuzi wa awali kwamba kifaa kilekile kina kosa lilelile huwa na thamani. Uamuzi huo, hata hivyo, utoke kwenye ujuzi wa jinsi data zilivyozaliwa na ufanywe kabla ya kuziona.

Welch hurekebisha dosari moja tu. Vipimo viwili vya mtu yuleyule, kabla na baada ya tiba, vinahitaji jaribio la jozi. Thamani chache zilizoruka mbali katika sampuli ndogo huvuruga wastani kwa njia zote mbili. Wala t kubwa haitaji chanzo: magari ya otomatiki katika jedwali lile yalikuwa mazito zaidi kwa wastani, na uzito hula mafuta.

Katika kuripoti, inafaa kutaja wastani, mkengeuko sanifu na idadi ya kila kundi, kisha t, digrii za uhuru na upeo wa imani. Anayesoma t = 3.77 kwa digrii 18.3, huku akijua magari ni 32, atatambua mara moja kwamba varianzi hazikuunganishwa, kwani kuunganisha kungetoa 30 kamili.