Kilo moja ya kahawa inatufikia bei gani?

Wandugu wanamemba, kwenye vituo vidogo vya kuosha kahawa ya arabika, kwenye milima ya Butembo na Lubero na kwenye mteremko wa Ruwenzori upande wa Beni, swali moja linarudiaka kila mwanzo wa sezoni: tununue kahawa mbivu kwa bei gani? Wengi wanajibu: tupandishe bei kidogo, tupate kahawa mingi, faida itakuja yenyewe. Mbele ya kukubali jibu hilo, tuhesabu pamoja. Bei za hapa ni za mfano. Kila kituo kiweke zake.

Tufungue kaye, tugawe ukurasa mara mbili. Upande wa kushoto tuandike kila kitu tutakacholipa hata kama hakuna kilo moja inaingia: mulinzi, kiwanja, kutengeneza mashine ya kumenya, meza za kukaushia, kodi. Tuseme yote ni dola 3000 kwa sezoni. Upande wa kulia tuandike makuta inayotoka kwa kila kilo. Ili kupata kilo moja ya parche kavu, tunahitaji karibu kilo 5 za kahawa mbivu. Tukilipa dola 0,40 kwa kilo, hiyo ni dola 2. Tuongeze 0,30 ya vibarua, mifuko na usafiri: dola 2,30.

Kuna gharama zinazodanganya fasi ya kukaa. Faida ya mkopo wa kununulia kahawa mbivu inaonekana kama gharama ya kituo, lakini tukinunua kidogo tunakopa kidogo, kwa hiyo inakaa kulia. Kibarua anayelipwa kwa mwezi, awe na kazi ao asiwe nayo, anakaa kushoto.

Sasa hesabu yenyewe:

gharama ya kilo = (3000 + 2,30 × kilo) ÷ kilo

Ni sawa na kusema 2,30, kuongeza 3000 iliyogawanywa kwa kilo zote. Kituo kikitoa kilo 2000 za parche, kila kilo inabeba dola 1,50 za upande wa kushoto, na jumla ni 3,80. Kikitoa 4000, inakuwa 3,05. Kwa 8000, karibu 2,68. Kwa 16000, karibu 2,49. Angalieni vizuri: kila mara tumezidisha kahawa mara mbili, lakini mara ya kwanza tulipunguza senti 75, mara ya mwisho senti 19 tu. Na hata tukileta kahawa yote ya teritware, gharama itakaribia 2,30 bila kuifikia. Hapo ndipo ukuta uko.

Kama mnunuzi anatoa dola 2,80 kwa kilo, kila kilo inaacha senti 50 za kulipa upande wa kushoto. 3000 kugawanya kwa 0,50 ni kilo 6000. Chini ya hapo tunapoteza. Hizo ni kilo 30000 za kahawa mbivu, mzigo unaowezekana kwa kituo chenye wanamemba wa kutosha.

Turudi kwa wale wanaotaka kupandisha bei. Senti 5 zaidi kwa kilo ya kahawa mbivu zinaonekana kidogo, lakini parche inakula kilo 5, basi ukuta unapanda senti 25, unafika 2,55. Sasa tunahitaji kilo 12000 ili kulipa gharama zote, mara mbili ya kwanza. Wakipandisha senti 10, ukuta unafika 2,80, sawasawa na bei ya mnunuzi. Hapo tuoshe kilo 6000 ao 60000, zile dola 3000 tutazipoteza tu.

Tena kituo chenyewe kina kipimo chake. Kahawa mbivu inapashwa kumenywa siku ileile ya kuvunwa. Ikilala ndani ya mifuko inapata moto, inachacha, na ladha inaharibika. Mzigo ukishinda mashine, tutanunua ya pili na kujenga tangi ingine. Upande wa kushoto ukifika 4500, kilo 16000 zitabeba karibu senti 28 kila moja pahali pa 19.

Kwa kituo ambacho tayari kinatoa mingi, kazi iko upande wa kulia. Wakipokea kahawa mbichi ao ile inayoelea juu ya maji, watahitaji kilo 5,5 pahali pa 5, na ukuta utapanda senti 20. Faida yote ya kutoka kilo 8000 hadi 16000 inamezwa kwenye mizani ya kupokelea. Ndiyo maana ndoo ya maji ya kuchuja zile zinazoelea inapashwa kuwa pale asubuhi, mbele ya mizani.