Kola na Kimo cha Shingo

Kola ya shati ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mkanda unaosimama kuizunguka shingo, nao ndio unaobeba kifungo cha juu. Ya pili ni bapa linalopinduka juu ya mkanda huo na kuishia kwa ncha mbili mbele. Wanunuzi wengi hutazama ncha tu, kama ni ndefu, fupi au za mviringo, ilhali kinachoamua zaidi ni kimo cha mkanda. Huo ndio unaoifunika shingo au kuiacha ionekane.

Katika mashati mengi ya kiume ya dukani, mkanda huwa na kimo cha sentimita 3 hadi 4 nyuma ya shingo. Kwa mwenye shingo fupi, kimo hicho huacha ngozi kidogo mno chini ya taya, na kichwa huonekana kama kimekalia mabega moja kwa moja. Kulitambua hilo si kazi. Afunge kifungo cha juu, atazame mbele, kisha ainamishe kichwa kidogo. Kola ikimgusa taya mara tu anapoinama, mkanda umemzidi.

Tuseme mwanamume mwenye shingo fupi na nene anashonesha shati la kazini, na mzunguko wa shingo yake, ukipimwa chini kidogo ya kikoromeo, ni sentimita 43. Fundi humwongezea sentimita 1 ya kupumulia, hivyo kola ikifungwa huwa 44. Kisha hupunguza mkanda kutoka sentimita 4 hadi 2.5. Bapa nalo hulifupisha, ila nyuma halipaswi kushuka chini ya sentimita 3.5, kwa sababu ni lazima liuzidi mkanda kwa angalau sentimita 1. Likipungua zaidi, mshono unaounganisha kola na shati hutokeza mgongoni. Ncha za mbele huziacha ndefu, kama sentimita 8, zikielekea chini na kukaribiana. Mistari hiyo miwili huvuta jicho kwenda kifuani. Ncha zilizotawanyika kwenda mabegani zingemfanya aonekane mpana zaidi.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Kola ikibana, fundi asiye makini huirefusha kola peke yake na kuacha tundu la shingo la shati kama lilivyokuwa. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana mshononi. Visipolingana, kola hufanya mikunjo au hulivuta shati lipande. Dawa ni kulichimba tundu lenyewe, hasa mbele, lakini kidogo kidogo: nusu sentimita, kisha kujaribu tena, maana kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Kwa blauzi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa si lazima zifungwe hadi juu. Shingo fupi au pana hupendeza kwa uwazi wa V na kola inayolala juu ya kifua, kwani ngozi inayoonekana huongeza urefu. Kola ndogo ya mviringo, ile ya magauni ya watoto, huchora duara mahali palepale shingo inapokutana na mabega, na unene wote hujitokeza. Utepe wa kufunga fundo chini ya kidevu hauifai shingo hiyo hata kidogo. Wanaume nao wana njia yao ya kola iliyo wazi: Kaunda suti, vazi lililochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, huvaliwa bila tai na kola yake hulala chini, mbali na taya.

Mwenye shingo ndefu hufuata njia ya kinyume. Mkanda wa sentimita 4 au zaidi kidogo humfaa, pamoja na ncha zinazotazama mabegani. Kola ya Kichina, yaani mkanda unaosimama bila bapa, humkaa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na utepe uliomkatalia mwenye shingo fupi humpendeza yeye. Mkanda mrefu huhitaji kitambaa kigumu cha ndani, la sivyo hulegea na kujikunja kwa jasho. Shingo ndefu ikiwa pia nyembamba, mzunguko nao uangaliwe: kola iliyofungwa ikiacha nafasi ya kupita vidole vinne, itaning'inia na kuifanya shingo ionekane nyembamba zaidi. Vidole viwili vinatosha.

Kipimo hicho cha vidole viwili humhusu pia mwenye shingo pana anayenunua shati la pamba dukani. Pamba ambayo haijafuliwa huweza kurudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kola inayomkaa sawasawa siku ya kununua huenda isifunge tena. Anayeshonesha huepuka tatizo hilo kwa kukiloweka kitambaa na kukianika kabla hakijakatwa.