Je, Wajua? Kuna Integrali Inayopatikana kwa Kukisia

Chukua e^(2x) cos 3x. Tunatafuta fomula ambayo derivativu yake, yaani kasi yake ya kubadilika, ni hiyo hiyo e^(2x) cos 3x. Wanafunzi wengi huifuata kwa njia ya kuintegreti kwa sehemu, mara mbili mfululizo, na alama moja ya kutoa ikipotea njiani hesabu yote huharibika. Iko njia isiyodai kuintegreti hata kidogo.

Tazama kwanza derivativu ya e^(2x) cos 3x yenyewe. Ni 2e^(2x) cos 3x − 3e^(2x) sin 3x. Derivativu ya e^(2x) sin 3x nayo ni 2e^(2x) sin 3x + 3e^(2x) cos 3x. Hizi mbili huzaana zenyewe kwa zenyewe wala hazileti kitu kigeni. Basi jibu tunalolitafuta tunaweza kulikisia humo humo:

F = e^(2x) (A cos 3x + B sin 3x)

A na B ni namba tusizozijua bado. Derivativu ya F, tukikusanya kosaini upande mmoja na saini upande mwingine, ni:

e^(2x) [(2A + 3B) cos 3x + (2B − 3A) sin 3x]

Tunataka kosaini ibaki moja na saini itoweke. Kwa hiyo 2A + 3B = 1, na 2B − 3A = 0. Mlinganyo wa pili unatupa B = 3A/2. Tukiiweka katika ule wa kwanza, 13A/2 = 1, hivyo A = 2/13 na B = 3/13. Jibu ni e^(2x) (2 cos 3x + 3 sin 3x)/13, ukiongeza namba yoyote isiyobadilika.

Hiyo 13 haikuja kwa bahati: ni 2² + 3². Tungeanza na e^(ax) cos bx, chini pangekuwa na a² + b², na kwa namba halisi jumla hiyo haiwi sifuri ila a na b zote zikiwa sifuri. Ndiyo maana kisio hili halishindwi.

Kosa linalorudiwa sana ni kukisia kosaini peke yake, A e^(2x) cos 3x. Hapo milinganyo inadai 2A = 1 na papo hapo −3A = 0. Mgongano wa namna hiyo unakuambia kwamba kisio limepungukiwa na kipande, nacho hapa ni saini.

Lakini usiipeleke njia hii kwenye e^(x²) cos x. Derivativu ya e^(x²) huzaa 2x mbele yake, derivativu inayofuata huzaa x², kisha x³, na orodha haifungi kamwe. Kwa x e^(2x) cos 3x, hata hivyo, bado inafaa: ongeza vipande viwili vyenye x, na badala ya namba mbili utatafuta nne.